Sita au tisa? Visikizi vya Bluetooth na ujumbe wa sauti

Mchuuzi wa omena ufuoni Sori, Karungu, anamtumia mteja wa Migori mjini ujumbe wa sauti: magunia ni sita. Visikizi vya Bluetooth vi masikioni mwa mchuuzi, upepo wa ziwa unavuma. Mteja anausikiliza mara ya pili na bado hajui ni sita au tisa. Kwa kuwa muziki katika visikizi hivyo husikika safi, wengi hulaumu mtandao.

Mtandao haumo. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili. Ile ya muziki hupeleka sauti upande mmoja tu, kutoka simu hadi sikioni, na ni pana. Maiki ya kisikizi ikifunguliwa, vifaa huhamia njia ya kupigia simu, iliyo finyu zaidi. Kwa mfumo wake wa zamani, CVSD, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo mitetemo inayozidi 4,000 kwa sekunde hupotea. Mfumo mpya zaidi, mSBC, husogeza kikomo hicho hadi karibu 8,000.

Irabu hubebwa zaidi na mitetemo ya chini, nazo hupita. Mvumo wa s uko kwa sehemu kubwa juu ya 4,000, na t nayo hupoteza makali yake huko. Sita na tisa zina irabu zilezile kwa mpangilio uleule. Kinachozitofautisha ni nafasi ya s na t, na hizo ndizo zinazokatwa. Tena maiki iko karibu na sikio, mbali na mdomo, na kisikizi kinapojaribu kuzima upepo huzima pia sehemu za maneno.

Hakikisha kwanza ni maiki ipi inayorekodi, maana kuna simu ambazo hutumia yake hata visikizi vikiwa vimeunganishwa. Anza kurekodi, kwaruza kwa ukucha sehemu ya chini ya simu, kisha kwaruza kisikizi, halafu usikilize. Mkwaruzo unaosikika kwa nguvu zaidi ndio ulio kwenye maiki inayorekodi. Halafu, ndani ya nyumba tulivu, sema "sita, tisa, fisi" kwa visikizi, kisha kwa simu, na usikilize zote mbili kwa spika ya simu. Sauti ya visikizi ikiwa nzito hata humo ndani, tatizo ni njia finyu. Ikiharibika nje tu, ni upepo.

Dawa ya haraka ni kuzima Bluetooth kabla ya kurekodi, kuupa upepo mgongo, na kushika simu sentimita 15 hivi kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isipige maiki. Kwenye simu nyingi za Android unaweza kufungua mipangilio ya kisikizi na kuzima Calls au Phone calls, ukiacha Media audio: muziki utabaki masikioni na simu itarekodi kwa maiki yake. Kumbuka kuiwasha tena ukitaka kupokea simu kwa visikizi.

Visikizi vya waya havipiti njia hiyo. Vipya vyenye LE Audio hutumia LC3, ambayo ni bora, mradi simu nayo iwe na LE Audio; ikiwa haina, kwa kawaida vifaa vitarudi kwenye mSBC au CVSD.