Cheti cha CAMS na akaunti ya muuza vitenge

Akaunti hii nimeibuni, lakini ofisa wa benki aliyewahi kufanya kazi Kariakoo hatashindwa kuitambua. Mwenyewe anauza vitenge. Alipoifungua alisema mzunguko wake hautazidi shilingi milioni 20 kwa mwezi. Sasa, ndani ya siku tisa, ameweka fedha taslimu mara sita katika matawi matatu: milioni 24, 23, 24, 22, 24 na 23. Siku ya kumi, milioni 138 kati ya hizo 140 zimetumwa Guangzhou.

Benki za Tanzania zinatakiwa kutoa taarifa ya fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 za Marekani. Tukihesabu dola kwa shilingi 2,500, kiwango hicho ni milioni 25. Kila alipoweka, mteja wetu alipita chini yake kidogo tu.

Hapo ndipo cheti cha CAMS kinapoonyesha thamani yake. Hutolewa na ACAMS, chama cha kimataifa cha wataalamu wa kupambana na utakatishaji wa fedha. Mtihani wake tunaoujua ni wa maswali 120 ya kuchagua jibu, saa tatu na nusu, na ukifaulu unalazimika kukihuisha kila baada ya miaka mitatu. Aliyeusomea hatababaika mbele ya akaunti hii. Atasema mara moja kwamba fedha zimekatwakatwa ili zisifikie kiwango cha kuripotiwa, na atajua kwa nini kuzipeleka nje haraka kunazidisha shaka.

Tatizo ni kwamba Kariakoo kuna maelezo mengine. Wafanyabiashara wadogo huchanga fedha ili wajaze kontena moja, na mmoja wao ndiye anayelipa kwa niaba ya wenzake. Kila mmoja akimletea kiasi chake siku tofauti, akaunti itafanana kabisa na ya mtakatishaji. Mtihani unaotungwa kwa ajili ya dunia nzima hauwezi kukufundisha hilo.

Kwa hiyo ofisa anaomba hati za mzigo, kama benki inavyomwomba mwagizaji yeyote. Namna ya kuomba ni muhimu, maana kumtonya mteja kwamba anachunguzwa ni kosa la jinai. Hati zinakuja. Ankara ya muuzaji inasema milioni 138, lakini tamko la forodha la mzigo huohuo linasema milioni 41. Hadithi ya kuchangiana inaweza kuwa kweli tupu, na bado pengo la milioni 97 halina maelezo. Huenda thamani imeshushwa ili kukwepa ushuru, au ankara imekuzwa ili fedha zitoke nchini. Tangu mwaka 2012, FATF, chombo kinachoweka viwango vya dunia katika eneo hili, kinayahesabu makosa ya kodi kuwa chanzo cha fedha haramu.

Shaka ikishajengeka, sheria ya Tanzania inatoa saa 24 kuifikisha kwa Kitengo cha Udhibiti wa Fedha Haramu, FIU. Nimeona wenye vyeti wakikwama hapa. Wanaandika kwamba mteja “ameonyesha mwenendo usio wa kawaida”, kisha wanabandika taarifa ya akaunti yenye kurasa thelathini. Mchunguzi wa FIU aifanyie nini? Anachohitaji ni aya mbili au tatu: nani, lini, tawi gani, kiasi gani, hati ipi inapingana na ipi. Kuchagua jibu kati ya manne hakumfundishi mtu kuandika aya hiyo.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, cheti hiki kinamfaa hasa mchambuzi anayepitia miamala iliyonaswa na mfumo, na anayewachunguza wateja wa hatari kubwa kama wanasiasa na kampuni ambazo wamiliki wake wamejificha. Hao wanatumia walichosoma kila siku. Keshia hakihitaji; mafunzo mafupi ya benki, yenye mifano ya tawi lake, yatamsaidia zaidi. Anayepanga vigezo vya mfumo, aamue kengele ilie kwenye milioni 20 au 24, anahitaji kujua takwimu na hifadhidata kwanza.

Mwenye utata ni ofisa mkuu wa kuripoti, yule ambaye jina lake ndilo linalopelekwa FIU. Kwake cheti ni kama leseni kwa dereva wa basi la mkoani: huwezi kumpa usukani bila hiyo, lakini abiria hawamwamini kwa sababu hiyo. Kazi yake nzito ni kumwambia meneja wa tawi kwamba mteja wake mkubwa ataripotiwa, na kutorudi nyuma simu inapopigwa kutoka juu.

Ningekuwa naajiri mchambuzi, vyeti ningeviangalia mwishoni. Kwanza ningempa akaunti ya muuza vitenge, zile hati mbili na karatasi tupu, kisha nimwache peke yake dakika arobaini.