Duara lililovuka bahari

Dada mmoja anauza nguo za watoto wachanga Kigamboni, hatua chache kutoka kwenye pantoni. Alibusti posti yake kwa shilingi 5,000 kwa siku. Meseji zilimiminika, ila nyingi ziliuliza, "Mnatuma Mbezi?" Nauli ya bodaboda hadi huko ingemeza faida yote ya seti ya kofia na soksi.

Tulipofungua Ads Manager, kosa lilionekana kwenye ramani. Alikuwa amechagua Dar es Salaam nzima. Tukaufuta mji, tukachomeka pini dukani kwake. Mfumo ukachora duara la kilomita kama 16, tukalipunguza hadi 5. Bado halikutosha, kwa sababu duara halijui maji. Kilomita 5 kutoka Kigamboni zinavuka mlango wa bandari na kuzoa Posta na Kariakoo, na mtu wa Kariakoo hapandi pantoni kufuata nguo za mtoto zilizojaa mtaani kwake. Tukachomeka pini ya pili Kariakoo, duara la kilomita 2, tukaiwekea Exclude. Hapo tangazo likapunguza sana watu wa ng'ambo ya pili.

Umri ulikuwa mwepesi, miaka 20 hadi 40. Hata hivyo, ukiacha Advantage+ audience ikiwa imewashwa, umri huo na mambo wanayopenda watu huchukuliwa kama pendekezo tu, na mfumo unaweza kuwafikia wengine. Eneo ndilo linaloheshimiwa. Anayetaka mipaka ya kweli ya umri arudi kwenye mpangilio wa zamani wa walengwa.

Kwenye mambo wanayopenda ndiko wengi wanakopotea. Dada alitaka kuweka uzazi, kisha aminye zaidi kwa mitindo na ununuzi wa mtandaoni. Nilimkatalia. Mfumo unakisia mapenzi ya mtu kutokana na anavyobonyeza na kurasa anazofuata. Mama wengi wa Kigamboni huenda hawajawahi kubonyeza chochote cha uzazi. Katika eneo dogo namna hii, kila sharti unaloongeza linakata wateja halali. Tuliacha uzazi peke yake. Dalili ya kubana kupita kiasi utaiona kwenye safu ya Frequency: ikipanda hadi 4 au 5 ndani ya wiki huku meseji zikipungua, ni watu walewale wanaoonyeshwa picha ileile. Legeza masharti ya mapenzi kabla hujagusa eneo.

Baada ya wiki tulifungua Breakdown. Kwa umri inaeleza vizuri, lakini kwa eneo inaishia kwenye mkoa. Imeandika Dar es Salaam, basi. Kwa hiyo sasa kila anayeuliza bei dada humjibu, kisha humuuliza, "Uko wapi, mpenzi?" Jibu analiandika kwenye daftari la mauzo, pembeni ya bei.