Kigango Ndani ya Kioo: Nani Aliyeulizwa?

Shule zinapofungwa, familia nyingi za pwani huwachukua watoto kwenda kutazama makumbusho, iwe ni Ngome ya Yesu hapa Mombasa au jumba la Lamu. Baadhi ya akina mama wa darsa wametuuliza swali ambalo tumeona si la kujibiwa kwa neno moja: je, yafaa kuwasimamisha watoto mbele ya kabati la kioo lenye mifupa ya mtu, au chombo ambacho watu wengine walikitukuza katika ibada zao? Swali hili lina sehemu mbili. Moja yamhusu anayetazama, na hiyo ni nyepesi. Ya pili yamhusu anayetazamwa, na hapo ndipo tunapotaka kukaa leo.

Tuanze karibu na nyumbani, kwa jirani zetu Wamijikenda. Wagiriama na baadhi ya ndugu zao huwa na desturi ya kumsimamishia kigango mzee aliyefariki ambaye alikuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye cheo na mali. Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu, umechongwa nakshi za pembetatu kifuani, na juu una kichwa cha mviringo au bapa. Vingine humpita mtu mzima kwa kimo. Hakisimamishwi juu ya kaburi, kama wengi wanavyodhani, bali huchimbiwa mahali pake katika boma la familia. Marehemu mwingine asiye wa Gohu huwekewa kijiti kidogo kiitwacho koma. Mara nyingi kigango husimamishwa miaka mingi baada ya mazishi, pale jamaa wanapomwota marehemu akidai haki yake au wanapopatwa na mabaya yasiyo na sababu wanayoijua. Hufungiwa vitambaa na kumwagiwa tembo.

Msomaji atatarajia tuseme, nasi twasema waziwazi: kumwomba maiti na kumtolea sadaka ili aondoe balaa ni jambo ambalo dini yetu haina njia ya kulikubali. Lakini hilo ni neno letu kuhusu itikadi. Haligeuzi mali ya jirani kuwa halali ya mwizi.

Na vigango vimeibwa sana. Tangu miaka ya 1970, watalii na wafanyabiashara wa sanaa walipoanza kuvipenda, vilikuwa vikin'golewa usiku kutoka mabomani, vikauzwa kwa bei ndogo kwa madalali wa miji yetu hii, kisha vikafika Marekani ambako kimoja kiliweza kupata maelfu ya dola. Huko walivinunua matajiri, wakavitoa zawadi kwa makumbusho, na makumbusho yakavisimamisha chini ya taa vikiwa na kibandiko kifupi: ubao, Kenya, kazi ya Waafrika. Jina la marehemu halikuandikwa, kwa kuwa mwizi hakuliuliza na mnunuzi hakulitaka.

Kisa kimoja kimejulikana sana. Mwaka 1985 mwanazuoni wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili vya nduguze waliotangulia. Muda si mrefu baadaye vyote viwili viliibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa mambo ya Afrika, mwenzake Linda Giles alionyesha picha za vigango vilivyokuwa katika makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha jimbo la Illinois. Udvardy akakitambua kimoja. Alikuwa na ile picha yake ya zamani, na nakshi zililingana. Cha pili kikaja kuonekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Baada ya barua na majadiliano ya miaka, vyote viwili vilirudi Kenya, na mwaka 2007 familia ikakabidhiwa rasmi. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Tuzingatie kilichowezesha marejeo hayo. Si sheria iliyowalazimisha. Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayoyataka makumbusho yake kurudisha mifupa na vitu vitakatifu, lakini ni kwa makabila asilia ya nchi ile tu. Mgiriama hamo. Kilichofaa ni picha moja yenye watu wanaojulikana, mahali panapojulikana na mwaka unaojulikana. Bila picha hiyo, vigango vile vingebaki kuwa mbao mbili miongoni mwa mamia.

Ndivyo ilivyokuwa kwa makumbusho ya mji wa Denver. Yalikuwa na vigango 30 vilivyotolewa zawadi mwaka 1990 na watu wa filamu wa Hollywood. Wasimamizi wake waliamua wenyewe mwaka 2014 kwamba hawana haki ya kuendelea kuvishika, na vikafika Kenya mwaka 2019. Lakini virudishwe kwa nani? Havikuwa na picha wala majina. Vilikabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, jambo jema, ila si sawa na kumrudishia mwana kigango cha baba yake.

Fikihi yetu inayo mlango wake katika jambo hili, nao ni mlango wa ghasbi, yaani kutwaa mali ya mtu bila haki. Mafakihi wamekubaliana kwamba kitu kilichonyang'anywa hubaki mali ya mwenyewe, hata kikipita mikono kumi. Aliyekinunua kwa nia safi hana dhambi ya wizi, lakini hakumiliki. Akijua, ni wajibu wake kukirejesha, na fedha zake amdai aliyemuuzia. Msimamizi wa makumbusho anayesema, "Sisi tulipewa zawadi na mtu mwema," amejibu kuhusu nia yake. Kuhusu umiliki bado hajajibu.

Lipo jingine ambalo wenye makumbusho walichelewa kulielewa. Kazi ya makumbusho ni kuhifadhi: kukinga mchwa, kupima unyevu, kuziba nyufa. Lakini kigango hakikukusudiwa kudumu. Kikishasimamishwa hakiondolewi, kaya ikihama, chenyewe huachwa pale pale kiliwe na mchwa na mvua mpaka kirudi udongoni. Kwa wenyewe, kukin'goa ndiko kuharibu, na kukiacha kioze ndiko kukitunza. Basi yule anayejisifu kwamba asingekichukua kingekwisha kuliwa, anajitetea kwa jambo lile lile analolaumiwa nalo.

Tukitoka kwenye mbao tukaingia kwenye mifupa, jambo huwa zito zaidi, maana hapa hakuna tofauti ya itikadi kati yetu na yeyote. Katika dini yetu mwili wa maiti una heshima kama wa aliye hai. Kaburi halifukuliwi ila kwa dharura, na mfupa wa maiti hauvunjwi. Hata hivyo Waislamu nao wamewahi kuwekwa makumbushoni. Mwaka 1849 Wafaransa waliuzingira mji wa Zaatcha, katika oasisi za Algeria, uliokuwa ukiongozwa na Sheikh Bouziane. Mji ulipoanguka aliuawa, na kichwa chake kikatundikwa mbele ya watu. Fuvu lake, na mengine ya waliopigana katika miaka ile, yakapelekwa Paris kwa wataalamu waliokuwa wakipima vichwa ili wapange watu kwa mbari zao. Yakaishia katika ghala la jumba liitwalo Makumbusho ya Binadamu. Mwaka 2011 mtafiti wa Kialgeria, Ali Farid Belkadi, aliyatambua humo na kupaza sauti. Mafuvu 24 yalirudishwa Algiers tarehe 3 Julai 2020, na siku mbili baadaye, siku ya uhuru wa nchi, yakazikwa katika makaburi ya El Alia.

Watu walilia kwa furaha, na haki yao. Lakini miaka miwili baadaye magazeti yalifichua nyaraka zilizoonyesha kwamba ni mafuvu sita tu yaliyothibitishwa kuwa ya wapiganaji wale. Kati ya mengine yalikuwamo ya wezi waliokufa gerezani, na ya askari wa Algeria waliolitumikia jeshi la Ufaransa lenyewe. Tena kwa karatasi yalikuwa yameazimwa kwa miaka mitano, kwani sheria ya Ufaransa ilikuwa hairuhusu mali ya makumbusho ya umma kutolewa moja kwa moja. Mkopo wa fuvu la mtu aliyekwisha kuzikwa! Mwisho wa mwaka 2023 bunge lao likapitisha sheria mahsusi ya kurejesha mabaki ya binadamu.

Kwa upande wa mazishi, hatuoni kwamba waliozika wana la kulaumiwa. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii walikwisha kulitazama: maiti wa Kiislamu wakichanganyika na wengine wasitambulikane, husaliwa wote, na nia ikawekwa kwa Waislamu miongoni mwao. Maiti haachwi ndani ya sanduku ati kwa sababu hajulikani. Lawama ni ya orodha iliyotolewa bila ukweli, maana familia ya mtu inataka kujua imemzika nani.

Sasa turudi kwa yule anayetazama. Wapo wasemao kwamba kuonyesha mifupa kunafundisha, mradi kibandiko kieleze vizuri. Makumbusho ya Pitt Rivers ya Oxford, Uingereza, yalikuwa na vichwa vya watu vilivyokaushwa na kupunguzwa, kazi ya Washuar na Waachuar wa Amerika ya Kusini, na kwa miongo mingi ndivyo vilivyokuwa vikivuta wageni. Wasimamizi walipochunguza wageni wale wanaondoka na fikra gani, wakaona kwamba wengi walikuwa wakiwaita wenye vichwa vile washenzi na makatili. Kioo na taa vilikuwa vimesema kwa sauti kubwa kuliko maandishi. Mwaka 2020 waliviondoa ukumbini pamoja na mabaki mengine ya binadamu, jumla 120, wakaacha maelezo ya kwa nini vimeondolewa.

Kwa hiyo jawabu letu kwa akina mama ni hili. Kutazama kwa mazingatio hakukatazwi, wala hatusemi watoto wazuiwe makumbusho. Lakini mkifika mbele ya kabati lenye mtu, au chenye kumsimamia mtu, someni kibandiko pamoja nao mtafute mambo mawili: jina la marehemu, na namna kitu kilivyotoka kwao. Yasipokuwamo, mwambieni mtoto kwamba hayakuandikwa, na mpitishe asipige picha ya kuchekea. Angekuwa babu yake asingeipenda.

Wala tusidhani kwamba kuondolewa ukumbini ndiyo haki imetimia. Ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, Ngadji, iko katika Makumbusho ya Uingereza mjini London tangu mwaka 1908. Haikuwekwa kabatini itazamwe. Imewekwa ghalani, na wazee wa Kipokomo wanaoidai hawajarudishiwa.