Mkataba wa PDF Wenye Sahihi Zinazofuatana (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliandika mkataba wa kuuziana mazao na kuugeuza kuwa PDF. Leo tunaupeleka kwa watu watatu waweke sahihi, na hawa watatu wasitie sahihi ovyo: lazima wa kwanza awe wa kwanza na wa mwisho awe wa mwisho.

Tuseme kikundi cha wakulima wa ndizi kiko Muriba, huku juu Tarime. Kambi ya watalii iko jirani na Robanda, wilayani Serengeti, nayo inataka mikungu 80 kila wiki kwa ajili ya jiko la wafanyakazi, kila mkungu shilingi 15,000. Kutoka Muriba hadi Robanda unapita Nyamongo, unavuka Mto Mara, unaingia Mugumu, kisha bado una safari. Kubeba karatasi tatu kwenye basi kwenda na kurudi kwa ajili ya sahihi moja moja ni kuchoma siku na nauli, ndiyo maana watu wanauliza habari ya PDF.

Katiba ya kikundi inataka mwenyekiti na mweka hazina wote wawili wasaini, mwenyekiti akianza. Meneja wa kambi anamalizia, kwa sababu anataka kuona kikundi kimekwisha kujifunga kwenye bei kabla yeye hajajifunga kulipa. Akisaini kabla yao, kikundi kinaweza kumshikilia kwa ahadi ambayo chenyewe hakijaikubali kikamilifu. Mpangilio huo una kazi, na ndio tunaotaka faili iusimamie.

Anayetengeneza mkataba anahitaji Adobe Acrobat ya kulipia. Wanaosaini wanatosheka na Acrobat Reader ya bure, ila iwe kwenye kompyuta. Fungua mkataba, ingia "Prepare a form", kisha weka visanduku vitatu vya sahihi na uvipe majina Sahihi1, Sahihi2 na Sahihi3. Weka pia kisanduku cha maandishi kinachoitwa Bei. Vyote hivi viwepo kabla ya mtu yeyote kusaini. Mtu akishasaini, kurudi nyuma kuongeza kisanduku kilichosahaulika kunaweza kuiharibu sahihi iliyokwishawekwa, na hapo mnaanza upya.

Sasa nenda kwenye tabia za Sahihi2, kwenye ukurasa wa "General", chagua kwamba kisanduku kifichwe, yaani "Hidden". Fanya hivyo hivyo kwa Sahihi3. Mkataba ukifunguliwa, panaonekana pa mwenyekiti tu. Kinachobaki ni kumfanya mwenyekiti, kwa kitendo chake cha kusaini, amfungulie mweka hazina.

Fungua tabia za Sahihi1, nenda ukurasa wa "Signed". Utakuta chaguo tatu: kusitokee kitu, visanduku vifungwe, au skripti iendeshwe. Unaruhusiwa kuchagua moja tu. Wengi huchagua kufunga visanduku, kisha wakashangaa kwamba hawana tena pa kuandika skripti. Kwa hiyo chagua skripti, na kazi ya kufunga uifanye humo humo ndani:

```
this.getField("Bei").readonly = true;
this.getField("Sahihi2").display = display.visible;
```

Mstari wa kwanza unaifunga bei mara mwenyekiti anaposaini. Wa pili unafunua nafasi ya mweka hazina. Kwenye Sahihi2 weka mstari mmoja tu, unaofunua Sahihi3. Sahihi3 haihitaji skripti. Zingatia herufi: kisanduku ukikiita "sahihi2" kwa herufi ndogo huku skripti ikisema "Sahihi2", hakitafunuka kamwe, na mkataba utabaki umekwama mikononi mwa mweka hazina bila dalili ya kosa ni lipi.

Kabla ya kumtumia yeyote, tengeneza nakala ya majaribio na uisaini wewe mwenyewe mara tatu kwenye Reader. Ukimaliza, fungua paneli ya sahihi na uhakikishe kwamba sahihi ya kwanza bado inasomeka kuwa haijaguswa. Toleo moja la programu laweza kulipokea tendo la skripti bila neno, jingine likalihesabu kuwa badiliko lililofanywa baada ya kusaini, na ni heri kulijua hilo mezani kwako kuliko kwenye meza ya meneja.

Skripti ina udhaifu mwingine ambao kwetu ni mkubwa. Simu nyingi hazitaiendesha, wala visomaji vingi vya PDF vilivyo ndani ya vivinjari. Mwenyekiti akisaini kwa simu, Sahihi2 inabaki imefichwa. Ukijua kwamba watu wako wote wanatumia simu, usisumbuke na njia hii. Kuna huduma za mtandaoni zinazomtumia mtu wa pili mwaliko baada ya wa kwanza kumaliza, nazo tutazieleza sehemu ya tatu. Njia ya leo ni ya watu wanaoweza kufika kwenye kompyuta, hata kama ni ya stesheneri.

Na hapo stesheneri ndipo penye jambo ambalo sitaki kulipita haraka. Ili kusaini, Reader itamwomba kila mmoja kitambulisho chake cha kidijiti. Asipokuwa nacho anatengeneza papo hapo kwa "Create a new Digital ID", anakihifadhi kama faili lenye mkia wa .pfx, na analiwekea nywila. Desturi yetu ni kumwachia kijana wa stesheneri afanye yote: anatengeneza cha mwenyekiti, anatengeneza cha mweka hazina, nywila anaweka ile ile, na faili zote mbili zinabaki kwenye kompyuta yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka sahihi salama imtambulishe aliyesaini, iwe chini ya udhibiti wake, na iungwe na waraka kiasi kwamba badiliko lolote litaonekana. Sharti la udhibiti limekufa siku kijana alipoandika nywila. Mweka hazina akija kukana baadaye, atakuwa na hoja. Basi kila mtu aandike nywila kwa vidole vyake, aondoke na faili lake kwenye flashi, na lile lililobaki kwenye kompyuta lifutwe mbele ya macho yake.

Mwenyekiti akibofya kisanduku na kusaini, Reader itamtaka ahifadhi faili. Alipe jina Mkataba_Ndizi_1.pdf. Mweka hazina akimaliza, Mkataba_Ndizi_2.pdf. Meneja, Mkataba_Ndizi_3.pdf. Wakati wa kusaini, kikitokea kisanduku kilichoandikwa "Lock document after signing", wawili wa kwanza wasikiguse. Anayekitia alama anaufunga waraka, na wanaofuata watakuta mlango umekomewa. Hicho ni cha meneja.

Sasa tuangalie faili lenyewe linatunzaje huo mfuatano, maana skripti inaongoza njia tu, ushahidi uko kwingine. PDF ikisainiwa vizuri haifutwi na kuandikwa upya. Sahihi ya mwenyekiti inashika kila kilichokuwemo hadi hapo. Ya mweka hazina inaongezwa mwishoni mwa faili, nayo inashika mkataba pamoja na sahihi ya mwenyekiti. Ya meneja inazishika zote. Ukifungua paneli ya sahihi utaona "Rev. 1", "Rev. 2", "Rev. 3", kila moja na jina la aliyesaini, na unaweza kufungua kila toleo uone waraka ulivyokuwa wakati huo. Hakuna namna ya sahihi ya mweka hazina kuwa imeishika ya mwenyekiti ambayo ilikuwa haijawekwa.

Ndiyo maana nasema msitegemee saa. Muda unaoandikwa pembeni ya sahihi kwa kawaida unatoka kwenye saa ya kompyuta ya anayesaini, na kompyuta ya dukani iliyoishiwa betri ya ndani inaweza kudai kuwa bado ni mwaka 2010. Mweka hazina akionekana kusaini miaka mingi kabla ya mwenyekiti, tazama "Rev." kwanza kabla hujaanza kugombana.

Kutokana na muundo huo huo, faili ni moja na linapita mkono kwa mkono. Ukimtumia mwenyekiti na meneja nakala kwa wakati mmoja ili kuokoa muda, utapata faili mbili zenye sahihi moja moja, na hakuna njia ya kuziunganisha sahihi zikabaki hai. Kuchapa na kuskani kunaua sahihi. Inabaki picha yake tu. Kupunguza ukubwa wa faili kwenye tovuti za bure nako kunaiua. WhatsApp haina neno, mradi faili litumwe kama "Document" na si kama picha.

Meneja akifungua Mkataba_Ndizi_2.pdf, huenda akakutana na onyo kwamba uhalali haujulikani. Asitishike. Maneno "validity is UNKNOWN" maana yake ni kwamba kompyuta yake haimfahamu mwenyekiti, kwa kuwa kitambulisho alijitengenezea mwenyewe. Neno la kuogopa ni "INVALID", linalotokea waraka au sahihi inapokuwa imechezewa. Kwa lile la kwanza, anafungua sifa za sahihi, anaingia "Show Signer's Certificate", na kwenye ukurasa wa "Details" anatafuta "SHA1 digest". Kisha anapiga simu kwa namba anayoijua tangu zamani, si ile iliyokuja na faili.

"Shikamoo mzee mwenyekiti. Nisomee herufi nane za mwisho za kitambulisho chako."

Mwenyekiti anamsomea kutoka kwenye kompyuta yake. Zikilingana, meneja anaenda ukurasa wa "Trust" na kubofya "Add to Trusted Certificates". Anarudia kwa mweka hazina. Baada ya hapo onyo linaondoka, na hatalazimika kurudia mkataba ujao utakapokuja na vitambulisho vile vile.

Limebaki swali ambalo kwa biashara ya ndizi haliepukiki: wawili wamekwisha saini, meneja anasema 15,000 ni kubwa, anataka 13,500. Kwenye faili hilo hana la kufanya, bei imefungwa. Asijaribu kuitengua kwa programu nyingine, maana sahihi mbili zilizotangulia zitaonekana kuwa zimeharibiwa. Anachoweza ni kutosaini. Wakikubaliana bei mpya, aliyetengeneza mkataba anarudi kwenye faili mama ambalo halijawahi kusainiwa, anaandika 13,500, na mwenyekiti anaanza tena kama mara ya kwanza. Faili mama hilo lihifadhiwe mahali pake, likiwa na jina lisilo na namba, na lisitumwe kwa mtu yeyote.