Mstari Mweusi na Moshi Wake

Binti mmoja alinijia na mchoro wake wa miaka mingi: msichana mwenye nywele nyeusi na kilemba chekundu, amesimama kwenye majani, nyuma yake anga ya buluu isiyo na wingu. Aliuchora kwa mtindo wa anime, mistari myembamba myeusi na rangi za mpako mmoja. Kompyuta aliyochorea ilishakufa. Kilichobaki ni nakala iliyopitia kwenye simu za marafiki, JPEG yenye pikseli 620 kwa 877, naye alitaka bango la ukubwa wa A2.

Hesabu yenyewe haikuwa mbaya. Bango la A2 likichapwa kwa pikseli 150 kwa kila inchi huhitaji takriban 2480 kwa 3508, yaani mara nne kila upande. Nikafungua programu ya picha, nikaikuza mara nne kwa njia ya kawaida, nikamwonyesha kwenye kioo. Akaukodolea macho uso wa msichana wake.

"Kaka, mbona ana moshi?"

Kweli alikuwa na moshi. Kila mstari mweusi ulizungukwa na utepe mweupe mwembamba, kama vile anga ilikuwa inaogopa kuugusa. Wateja wengi huuona utepe huo wasijue waseme nini. Mimi huuita mwangwi, kwa sababu ndivyo unavyofanya kazi: mstari unapiga, anga inaitikia.

Mwangwi huo hautoki kwenye mchoro. Unazaliwa na hesabu ya kukuzia. Tuchukue kipande kidogo cha anga kilichokatwa na mstari, tuhesabu mwanga peke yake, ambapo 0 ni nyeusi kabisa na 255 ni nyeupe kabisa. Pikseli zinasomeka 200, 200, 200, kisha mstari 20, 20, kisha 200 tena. Tukikuza, programu lazima ibuni pikseli mpya katikati ya zile za zamani. Njia rahisi kuliko zote ni kuchukua wastani wa majirani wawili. Kati ya 200 na 20 tunapata 110, rangi ya kijivu ambayo mchoraji hakuipaka popote. Hapo hakuna moshi, ila kingo inalegea na mstari unaonekana kama wino uliolowa. Kwenye bango letu kila pikseli ni kama milimita 0.17, kwa hiyo kingo iliyolegea pikseli nne hula zaidi ya nusu milimita. Jicho huiona.

Ili kukwepa ulegevu huo, programu nyingi hutumia hesabu inayotazama majirani wanne badala ya wawili. Katika aina moja inayotumika sana, pikseli ya katikati huchukua tisa ya kumi na sita kutoka kwa kila jirani wa karibu, kisha *hutoa* moja ya kumi na sita kwa kila jirani wa mbali. Kutoa huko ndiko kunakorudisha ukali wa kingo, na ndiko pia kunakoleta moshi. Simama kati ya pikseli mbili za mwisho za anga kabla ya mstari. Majirani wa karibu ni 200 na 200, wa mbali ni 200 na 20. Ukipiga hesabu unapata 211. Anga ilikuwa 200, na sasa kando ya mstari ina utepe wa 211. Ndani ya mstari wenyewe, kati ya zile 20 mbili, jibu linashuka chini ya sifuri na kukatwa kuwa 0, kwa hiyo mstari unazidi kuwa mweusi huku kingo yake ikizidi kung'aa. Hesabu iitwayo Lanczos hutazama mbali zaidi, na nje ya utepe mweupe huongeza mwingine mweusi, hafifu, kama duara la pili kwenye maji.

Kwa picha ya sokoni au ya harusi utepe wa namba 11 hupotea ndani ya ngozi, vitambaa na vumbi. Kwenye rangi ya mpako mmoja hauna pa kujificha. Ajabu ni kwamba mchoro wa wino kwenye karatasi nyeupe kabisa nao huonekana safi, kwa sababu juu ya 255 hakuna pa kupanda. Ndiyo maana mtu anaweza kujaribu njia yake kwenye mchoro mweusi na mweupe, aone imekubali, kisha aje kuumbuka kwenye uso wa kahawia.

Anime ilipata sura hii ya rangi bapa kutokana na jinsi ilivyotengenezwa. Zamani mistari ilikuwa upande wa mbele wa karatasi angavu ya plastiki, na rangi ikapakwa upande wa nyuma, kila eneo rangi yake. Kipindi cha *Sazae-san* kiliendelea kutumia karatasi hizo hadi 2013, wakati wengine walishahamia kwenye kompyuta. Kwa hiyo tunapokuza mchoro wa namna hii tunajua kitu ambacho hesabu ya kawaida haikijui: kati ya mstari na mstari kunatakiwa kuwe na rangi moja, basi.

Hapo ndipo programu zilizofunzwa kwa michoro zinapoingia. waifu2x ilitoka mwaka 2015. Ilifunzwa kwa michoro ya mtindo wa anime: ikaonyeshwa mchoro mkubwa pamoja na nakala yake iliyodogoshwa, mara nyingi mno, mpaka ikajifunza kubashiri kubwa kutoka kwa ndogo. Mwaka 2021 ikaja Real-ESRGAN, ambayo ina toleo lake la anime. Waliotengeneza hii ya pili walizichafua picha za mafunzo kwa makusudi, wakazitia ukungu, chembe, makovu ya JPEG, na hata mwangwi wenyewe, ili programu ijifunze kuufuta. Nimezitumia zote mbili. Real-ESRGAN huokoa picha iliyochakaa sana, lakini mkono wake ni mzito: hunenepesha mistari na kuchora upya nyuso ndogo za mbali kwa namna yake. Kwa mchoro ambao mwenyewe yupo na anaukumbuka, mimi huanza na waifu2x.

Ila kabla ya kukuza lazima uangalie uchafu. JPEG huigawa picha katika vigae vya pikseli 8 kwa 8, na kila kigae kinachopitiwa na mstari mkali hubaki na chembechembe zinazouzunguka kama mbu kwenye taa. Tena kwa kawaida rangi huhifadhiwa kwa uchache kuliko mwanga: kipimo kimoja cha rangi hutumika kwa pikseli nne. Ndiyo sababu wekundu wa kilemba ulikuwa umevuja juu ya mistari na kuingia angani. Ukikuza kwanza, mbu wanakuwa nzi. Na ukimalizia kwa kile kitufe cha kuongeza ukali ambacho kila mtu hukikimbilia, unatia mwangwi mpya juu ya ule wa zamani, kwa kuwa nacho kinatumia kutoa kulekule.

Katika waifu2x usafi na ukuzaji hufanyika kwa pigo moja. Mimi nilikuza mara nane badala ya nne, kwa sababu nitakayoieleza:

```
waifu2x-ncnn-vulkan -i mchoro.png -o mchoro-8x.png -n 3 -s 8
```

Namba iliyo mbele ya `-n` ni nguvu ya kusafisha, kutoka 0 hadi 3, na -1 ni kuacha kabisa. Nilichagua 3. Moshi ukaondoka, mistari ikakaza. Lakini nilipogusa anga kwa kifaa cha kusoma rangi, pale karibu na kilemba, namba zilikuwa bado zinatangatanga, na wekundu ulibaki umevuja. Hilo sikulishangaa. Programu inabashiri kutokana na ilichopewa, na ilipewa rangi iliyomwagika.

Nikatenganisha mistari na rangi, kama kwenye zile karatasi za plastiki. Kupata mistari kuna mtego. Ukiigeuza picha kuwa ya kijivu kwa njia ya kawaida, kilemba chekundu kinakuwa cheusi kiasi kwamba mistari yake inazama humo. Dawa ni kuchukua, kwa kila pikseli, ile iliyo kubwa kati ya namba zake tatu za nyekundu, kijani na buluu. Kilemba kilikuwa karibu 210, 30 na 40, kwa hiyo kikawa 210. Anga ikawa 235. Mistari ikabaki chini. Kwenye GIMP hiyo hufanywa na `Desaturate` ukichagua `Value`. Kisha nikasema kila kilicho juu ya 190 kiwe cheupe kabisa na kila kilicho chini ya 70 kiwe cheusi kabisa. Tabaka hilo likakaa juu kwa namna ya `Multiply`, ambapo nyeupe haifanyi kitu na nyeusi hufunika.

Chini yake nikajaza rangi upya, eneo kwa eneo, nikizisoma katikati ya kila eneo ambako hakuna kilichovuja. Kila rangi niliisukuma kidogo ichungulie chini ya mstari, ili rangi mbili zikutane gizani. Ni kazi ya kama saa moja kwa mchoro wa namna hii. Gauni la samawati iliyoiva au nywele za kahawia iliyokolea zingenishinda kwa njia hii, kwa kuwa namba yake kubwa iko karibu mno na mstari.

Mwisho nikaidogosha picha nusu, kutoka 4960 kwa 7016 hadi 2480 kwa 3508, kila pikseli nne zikawa wastani mmoja. Vijino vilivyoachwa na ujazaji vikalainika, na mwangwi haukuweza kurudi, kwani kwenye wastani hakuna kinachotolewa.

Majani sikuyagusa hivyo. Binti alikuwa ameyapaka kwa brashi yenye nywele, na waifu2x kwa nguvu ya 3 ilikuwa imeyageuza kuwa plastiki. Sehemu hiyo nilikuza tena kwa `-n 0` na kuibandika chini. Wanaokuza kurasa za manga wana tabu kama hiyo kwenye vivuli vya nukta: programu huzidhani ni uchafu, ikazifuta au kuziunganisha kuwa mawimbi.

Nilimwita aje kuangalia kabla ya kuchapa. Akasogeza uso karibu na kioo, akapita kwenye kilemba, anga na vidole, kila mstari. Akatulia kwenye shavu la kushoto.

"Kaka, kipaku chake kiko wapi?"

Nikafungua picha ya awali. Chini ya jicho kulikuwa na doa la pikseli nne, la kahawia, ambalo mimi nililiona kama mbu mwingine wa JPEG, na programu nayo ikaliona hivyo hivyo. Alikuwa amelichora makusudi. Nikaendesha upya uso peke yake kwa `-n 1`, na doa likarudi, hafifu lakini mahali pake. Akaniomba kalamu, akalikoza mwenyewe.