Kutoka darsa hadi kitabu: tafsiri za Qur'ani kwa Kiswahili na herufi tulizoziacha

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Houston, na vilevile Dallas na Fort Worth, utakuta rafuni msahafu wenye tafsiri ya Kiswahili, na ndani ya sanduku au bahasha utakuta barua za mababu. Msahafu ule mjukuu anaweza kuufungua akasoma upande wa Kiswahili, hata kama anasoma kwa kusitasita. Barua zile hawezi, ingawa nazo ni Kiswahili, kwa kuwa zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Vitu hivi viwili ni sehemu za kisa kimoja. Katika makala haya tunaeleza namna maana ya Qur'ani ilivyotoka mdomoni mwa sheikh ikaingia katika kitabu cha Kiswahili, herufi gani zilitumika, na nani alipata au kupoteza sauti kwa sababu hiyo.

Tafsiri ya mdomo

Husemwa mara kwa mara kwamba kabla ya karne ya ishirini Waswahili hawakuwa na tafsiri ya Qur'ani. Kauli hiyo ni kweli kwa kitabu kilichochapwa. Kwa maana yenyewe si kweli, kwa sababu tafsiri ilikuwapo, ila ilikuwa ya mdomo. Mtoto alipelekwa chuoni akajifunza kuzitambua herufi, kuziunganisha na kusoma kwa sauti mpaka akahitimu. Hakufundishwa maana. Maana aliipata ukubwani, akiwa na nafasi, katika darsa la msikitini baada ya Alasiri au Magharibi, na hasa mwezi wa Ramadhani. Sheikh alifungua kitabu cha Kiarabu, mara nyingi Tafsiri ya Jalalaini, akasoma sentensi, akaieleza kwa Kiswahili, akaendelea.

Mpango huo ulikuwa na sharti moja kubwa: msikilizaji lazima awepo. Maelezo hayakwenda mbali kuliko sauti ya sheikh, na sheikh mwenyewe alikuwa na haki ya kueleza kwa kuwa naye alikaa mbele ya mwalimu wake, na huyo mbele ya wake. Mamlaka yalikuwa katika mnyororo wa watu. Mwanamke asiyehudhuria msikitini, au mtu wa shamba aliye mbali na mji, alipata maana kwa kusimuliwa tu.

Wakati huohuo watu wengi walijua kuandika. Kwa herufi zilezile za chuoni waliandika Kiswahili: tenzi, hati za mashamba, wasia, hesabu za duka na barua za Unguja, Mombasa, Lamu na Maskati. Kwa hiyo kujua kusoma hakukusubiri wamisionari. Lililokuwa halijatokea ni kuiandika maana ya Qur'ani kwa Kiswahili ili asomaye ajisomee peke yake.

Herufi za Kirumi zinaingia

Mabadiliko yalianzia katika kitabu kingine. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akaanza kufasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliamua kutumia herufi za Kirumi, na sababu zake hazikuwa za matamshi peke yake: aliona kwamba herufi za Kiarabu zingemwacha msomaji karibu na Uislamu. Unguja, Edward Steere wa misheni ya UMCA aliendelea na kazi kwa herufi hizo hizo za Kirumi. Alifariki mwaka 1882, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1891.

Kwa misheni, kusoma na kuingia dini vilikwenda pamoja. Buganda, walioifuata dini mpya waliitwa kwa neno lenye maana ya wasomaji. Vijana wa skuli za misheni wakawa makarani na walimu. Wajerumani, ambao mwanzoni waliandikiana na maakida na maliwali kwa herufi za Kiarabu, nao walihamia herufi za Kirumi. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu cha skuli, kwa herufi za Kirumi. Hapo mzee aliyekuwa akiandika barua na hati maisha yake yote alijikuta mbele ya karani akihesabiwa kuwa hajui kusoma.

Lazima pia tuseme wazi kwamba herufi za Kiarabu, kama zilivyotumika zamani, zilikuwa na tabu yake katika Kiswahili. Kiarabu hakina sauti za p, v, ch wala g. Waandishi wengi waliandika p kwa ba, na v kwa fa. Sauti za mb na nd mara nyingi ziliandikwa bila m au n. Kwa hiyo neno moja lililoandikwa kwa ba na ta liliweza kusomwa pata, bata au mbata, na msomaji alichagua kwa kufuata maneno ya jirani. Aliyekijua Kiswahili vizuri hakupata shida. Mgeni alikwama. Wataalamu wa Mombasa waliliona hilo: Mwalimu Sikujua, aliyefanya kazi na mmisionari W. E. Taylor, na baadaye Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, walitumia herufi zilizoongezwa nukta na alama ili kila sauti ya Kiswahili iwe na mahali pake. Dawa ilikuwapo, lakini skuli na mitambo ya chapa zilikuwa upande wa pili.

Vitabu vinne na mabishano yake

Tafsiri ya kwanza ya Qur'ani nzima kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1923, na mfasiri hakuwa Mwislamu. Alikuwa Kasisi Godfrey Dale wa UMCA Unguja, na maelezo yake yalikusudiwa kuwasaidia walimu wa Kikristo katika mijadala. Tafsiri ya pili ilitolewa Nairobi mwaka 1953 na Sheikh Mubarak Ahmad wa Jumuiya ya Ahmadiya, ambayo wanazuoni wa Kisunni wa pwani hawakuikubali.

Sheikh al-Amin ndiye aliyeona mapema kwamba wanazuoni wakinyamaza, wengine watasema kwa niaba yao. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, karatasi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Alianza pia tafsiri ya Qur'ani, lakini alifariki mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya kabla ya kuimaliza. Mwanafunzi wake, Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja mwaka 1912, ndiye aliyeikamilisha kazi ya namna hiyo. Qurani Takatifu yake ilitoka Nairobi mwaka 1969, mwaka mmoja baada ya yeye kuwa Kadhi Mkuu. Kiswahili chake kimeandikwa kwa herufi za Kirumi kando ya matini ya Kiarabu. Mwaka 1995 ikafuata Tarjama ya Al-Muntakhab ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, waziri wa zamani wa Zanzibar aliyefungwa miaka mingi baada ya mapinduzi ya 1964, kisha akaishi ughaibuni.

Tutazame aya moja ili tuone mamlaka yanavyofanya kazi ndani ya neno. Katika Sura al-Ahzab, aya ya 40, Mtume Muhammad ameitwa khatam wa manabii. Wasomaji wa zamani wa Qur'ani wana namna mbili za kulitamka neno hilo: khatam, ambalo ni muhuri, na khatim, ambalo ni mwenye kumalizia. Mzizi ni ule uliotupa sisi hatima na hitima. Barua hupigwa muhuri ikiisha kuandikwa, kwa hiyo wanazuoni wa Kisunni wanasema muhuri na mwisho hapa ni jambo moja: hakuna nabii baada yake. Waahmadiya hushikilia neno muhuri, na huufahamu muhuri huo kuwa ni wa kuthibitisha na wa heshima, jambo linaloacha nafasi kwa imani yao juu ya mwanzilishi wao.

Katika darsa, sheikh angeyasema yote hayo kwa dakika tano, na mwanafunzi angeuliza. Kwenye ukurasa mfasiri lazima achague neno moja, muhuri au mwisho, na msomaji aliye peke yake hataona kwamba palikuwa na njia mbili. Ndiyo sababu Sheikh Farsy aliandika maelezo mengi, na akawajibu Waahmadiya humo kwa majina na kwa hoja. Mamlaka ya sheikh hayakufutika kwa kuja kitabu. Yalihama kutoka barazani yakakaa katika maelezo ya chini ya ukurasa. Hilo linatoa kipimo chepesi kwa mwenye tafsiri mbili nyumbani: afungue aya ambayo zinatofautiana, asome maelezo kabla ya kuamua nani kakosea, na aangalie mfasiri anamjibu nani.

Kilichopatikana na kilichobaki sandukuni

Waliopata faida ni wengi. Mwanamke aliyesoma skuli aliweza kujisomea maana nyumbani. Kijana aliweza kumwendea sheikh akiwa na kitabu mkononi, akamuuliza kwa nini amesema vingine. Na familia iliyohama, ambayo haina darsa la Kiswahili karibu, ilibeba darsa ndani ya begi.

Hasara ilikuja polepole. Maana ilipopatikana kwa herufi za Kirumi, herufi za Kiarabu zilibaki na kazi moja, kusoma Qur'ani yenyewe. Watoto wetu hapa Texas wanaosoma madrasa bado wanazijua, lakini hawajui kwamba zinaweza kusema Kiswahili. Wanaojua Kiswahili vizuri aghalabu hawajazoea mwandiko huo. Ili kuisoma barua ya babu unahitaji vyote viwili, na wazee wenye vyote viwili wanapungua.

Usikimbilie kudhani kila karatasi ya sandukuni ni Kiarabu. Tafuta herufi zenye nukta tatu zisizotumika katika Kiarabu cha kawaida, na irabu zilizotiwa karibu kila mahali, maana Mwarabu anayejiandikia huziacha. Kisha mpe mtoto wa madrasa aisome kwa sauti bila kujali maana, na mzee wa Kiswahili akae kando asikilize. Mtoto akitamka “bata”, mzee atajua ni “pata”. Rekodi kikao hicho, piga picha pande zote mbili za karatasi pamoja na bahasha yake, na andika nani alikuwa akimwandikia nani. Barua isiyo na jina la mwandishi, hata ikisomwa yote, mwanahistoria hawezi kuiweka mahali pake.