Waya Kutoka Lubumbashi Hadi Kambove: Kwa Nini Pupa Hushinda

Ramani ya Haut-Katanga ina fumbo lisilohitaji zaidi ya rula. Kuna miji mitano: Lubumbashi, Kipushi, Kasumbalesa, Likasi na Kambove. Yote iunganishwe kwa nyaya za umeme, ili kutoka mji wowote uweze kuufikia mwingine, hata kwa kupitia wa tatu. Jumla ya waya iwe ndogo kuliko zote.

Kwa mstari ulionyooka, makadirio ni haya. Likasi na Kambove zimeachana kilomita 20 hivi. Lubumbashi na Kipushi, 30. Lubumbashi na Kasumbalesa, 75. Kipushi na Kasumbalesa, 80. Kisha Kipushi na Likasi, kama 100, na Lubumbashi na Likasi, kama 110. Jozi zilizobaki ni ndefu zaidi.

Kanuni ni ya pupa tupu: panga nyaya kuanzia mfupi, chukua kila mmoja kwa zamu, uache ule tu unaounganisha miji ambayo tayari imeshaungana. Kwa hiyo Likasi–Kambove unaingia, Lubumbashi–Kipushi unaingia, na Lubumbashi–Kasumbalesa pia. Wa kilomita 80 unaachwa, maana Kipushi na Kasumbalesa zimekwisha kukutana kupitia Lubumbashi. Kinachofuata huwashangaza wengi: umeme wa Likasi unapitia Kipushi, si Lubumbashi, kwa sababu 100 ni chini ya 110. Nyaya nne, jumla kilomita 225, na kazi imekwisha.

Fumbo hili lilizaliwa na umeme wenyewe. Mwaka 1926 mwanahisabati Otakar Borůvka alichapisha njia ya kulifumbua baada ya kuulizwa namna ya kusambaza umeme katika Moravia, iliyo leo sehemu ya Ucheki. Njia yake ilikuwa tofauti kidogo. Hii ya kupanga nyaya kwa urefu ilichapishwa na Mmarekani Joseph Kruskal mwaka 1956.

Mwenye busara atashuku. Pupa huponza: muuzaji anayezunguka miji, kila mara akienda kwenye ule ulio karibu zaidi, aghalabu hujikuta mwishoni na safari ndefu ya kurudi nyumbani. Kwa nini basi hapa isiponze?

Tuchukue hatua ile ya Kipushi–Likasi. Wakati huo kuna makundi mawili: Likasi na Kambove upande mmoja, miji mitatu ya kusini upande wa pili. Mpango wowote, hata wa fundi bingwa, lazima uwe na waya unaovuka kutoka kundi hadi kundi. Bila huo Likasi inabaki gizani. Tuseme fundi amechagua wa Lubumbashi–Likasi. Mwongezee wa Kipushi–Likasi, na papo hapo mzunguko unatokea: Likasi, Kipushi, Lubumbashi, Likasi tena. Katika mzunguko waya wowote unaweza kukatwa bila mji kutengwa. Kata wa fundi, ubakize wetu: miji yote bado imeungana, na kilomita 10 zimeokolewa.

Hoja hiyo haitegemei miji hii. Pupa inapochukua waya, huo ndio mfupi kuliko zote zinazotoka kwenye kundi husika. Kama ungekuwepo mfupi zaidi, zamu yake ingekuwa imepita na ungekwisha kuchukuliwa. Kwa hiyo mpango wowote bora unaweza kubadilishwa, waya kwa waya, hadi ufanane na wa pupa, na katika kila badiliko jumla haiongezeki. Wala haijalishi kama ni miji mitano au vijiji elfu.

Kinachojalisha ni namba unazoingiza. Fundi wa kweli hupenda nguzo zifuate barabara, maana kupitisha laini porini kunadai kufyeka miti na kupata njia ya lori. Kwa barabara, anayetoka Kipushi kwenda Likasi kwa kawaida hupitia Lubumbashi, kwa hiyo njia ya mkato ya kilomita 100 inatoweka, na waya wa Likasi unarudi kuanzia Lubumbashi. Kanuni ni ile ile, mtandao umebadilika. Unaweza hata kuweka gharama badala ya kilomita.

Mtandao wa namna hii una udhaifu: hauna mzunguko, kwa hiyo katika mpango wetu wa kwanza nguzo moja ikianguka kati ya Kipushi na Likasi, Likasi na Kambove zinatengwa na wenzao. Anayetaka usalama hulipia waya wa ziada.

Tena, ufupi huu ni wa nyaya zinazounganishwa mijini tu. Pale Lubumbashi, waya wa Kipushi na ule wa Kasumbalesa zinatengeneza pembe isiyofika nyuzi 100. Pembe ikiwa chini ya 120, inalipa kusimamisha nguzo ya makutano nje ya mji na kuigawa laini hapo. Katika miji hii mitatu akiba ni kilomita mbili au tatu. Lakini kutafuta makutano bora kwa vijiji vingi ni fumbo gumu kupindukia. Pupa haitoshi, na hakuna aliyegundua njia ya haraka inayotoa daima jibu kamili.